Mtoto Anapobadili Mchezo Wake Tumboni

Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni yote anayotumia huichukua kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Zinapitana zikiwa zimetenganishwa na utando mwembamba sana, oksijeni inavuka, kisha inasafiri kwenye kamba ya kitovu hadi kwa mtoto. Hana akiba ya kutosha kumfikisha kesho. Anachopata dakika hii ndicho anachotumia dakika hii.

Sasa fikiria msuli. Kila mtoto anapopiga teke, kujigeuza au kunyoosha mgongo, misuli yake inachoma oksijeni. Oksijeni inapopungua, mwili wake unapanga upya mgao wa damu: ubongo, moyo na tezi zilizo juu ya figo hupewa kwanza, mikono na miguu hupewa kinachobaki. Nyumba ya Trans Nzoia iliyobakiwa na gunia moja la mahindi mwezi wa Juni haiachi kupika ugali. Inaacha kwanza kuwatupia kuku. Mtoto naye anabana matumizi kwa kupunguza kucheza. Moyo wake unaweza kuendelea kudunda vizuri kwa muda huku mateke yamepungua. Ndiyo maana mama anaweza kuhisi tatizo kabla ya chombo cha kusikiliza moyo kuonyesha chochote.

Kondo huishiwa nguvu kwa njia nyingi. Shinikizo la damu la ujauzito hupunguza damu inayolifikia, na hilo lipo Kitale sawa na Bungoma. Bungoma, iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi, kuna sababu nyingine kubwa: malaria. Chembe za damu zilizoingiwa na vimelea hunata ndani ya kondo, zinajaza nafasi ambamo damu ya mama ingepita, na mama anaweza kuwa nayo bila homa yoyote. Hivyo zile tembe za SP ambazo kliniki za Bungoma humpa mjamzito akimeza mbele ya nesi zinalilinda kondo lenyewe. Kondo linaweza pia kuachia ghafla kutoka ukuta wa tumbo la uzazi, na hapo mabadiliko huja kwa saa, si kwa wiki.

Mama wengi huanza kumhisi mtoto kati ya wiki ya 16 na ya 24, na mwenye mimba ya kwanza huchelewa kidogo. Ikifika wiki ya 24 na hujahisi kitu, nenda ukapimwe. Kuanzia kama wiki ya 28 mtoto huwa ameshapata mtindo wake: saa za kulala, saa za kuamka, na mara nyingi uchangamfu wa jioni. Usingizi wake huchukua dakika 20 hadi 40, na ni nadra uzidi dakika 90. Hapo ndipo kipimo cha saa mbili kinapopata maana. Saa mbili ni ndefu kuliko usingizi wa kawaida, kwa hiyo ukilala kwa ubavu na kutulia saa mbili ukakosa miondoko 10, jibu la kwamba mtoto amelala halitoshi tena. Teke, msukumo na mgeuko kila kimoja kinahesabiwa. Kwikwi, ile midundo midogo inayofuatana kwa mpigo mmoja, haihesabiwi.

Lala kwa ubavu, usilale chali. Ukilala chali, tumbo la uzazi linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, damu ya kondo inapungua, na mtoto hutulia. Wala usihesabu ukiwa unapalilia au unafua: mwili wako ukiwa kazini, miondoko mingi inakupita.

Tuchukue mama mmoja wa kufikirika, anaishi nje kidogo ya Kitale, mimba ina wiki 34. Kila jioni baada ya chakula hulala kwa ubavu na kuandika nyuma ya kitabu chake cha kliniki muda uliopita hadi mwondoko wa kumi. Jumatatu dakika 25. Jumanne 20. Jumatano 30. Alhamisi 25. Ijumaa inamchukua saa moja na dakika 10, na mateke yenyewe ni dhaifu. Kwa kanuni ya saa mbili, Ijumaa amefaulu. Kwa mtindo wa mtoto wake, muda umekaribia kuwa mara tatu ya kawaida. Mimi nasema aende usiku huohuo, maana namba 10 ilitengenezwa kwa ajili ya wajawazito wote kwa jumla, na mtoto huyu ana rekodi yake mwenyewe.

Aende wapi? Kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati iliyo karibu tu. Huko mkunga atamsikiliza mtoto kwa fetoskopu au mashine, huku akishika mkono wa mama kulinganisha mapigo. Wa mtoto hudunda mara 110 hadi 160 kwa dakika. Asipolinganisha, anaweza kuhesabu moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Lakini kusikia moyo kunathibitisha tu kwamba mtoto yu hai. Kinachotakiwa baada ya wiki ya 28 ni kurekodi mapigo kwa dakika 20 au zaidi ili kuona kama yanapanda mtoto anapocheza, kupima presha na mkojo wa mama, kupima urefu wa tumbo, na ikiwezekana kuangalia kwa picha ukuaji na maji ya uzazi. Zahanati ikikwambia moyo upo, urudi nyumbani, omba barua ya rufaa.

Wengi wanaokwenda na malalamiko haya huambiwa mtoto yuko salama, na kweli yuko salama. Wala kuhesabu si tiba. Utafiti mkubwa wa mwaka 1989, uliohusisha wanawake wapatao 68,000, haukuona vifo vikipungua kwa kuwaamuru wote wahesabu kila siku. Mwingine wa Uingereza na Ayalandi, uliotolewa 2018 na kuhusisha mimba zaidi ya 400,000, haukuonyesha kwa uhakika kwamba kampeni ya kuwahamasisha wajawazito na wauguzi inapunguza vifo, ila kuanzishiwa uchungu na upasuaji viliongezeka. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kumlazimisha kila mjamzito kujaza jedwali la kila siku. Linashauri ajue umuhimu wa miondoko na aripoti ikipungua. Asiyependa kuandika anaweza kujua mtindo wa mtoto wake bila kalamu.

Kuna maneno yanayochelewesha watu. Wazee husema mtoto hupunguza kucheza akikaribia kuzaliwa kwa sababu nafasi imebana. Nafasi hubana kweli, na teke hugeuka kuwa msukumo au mviringo, lakini idadi haipungui hata siku uchungu unapoanza. Wengine humpa mama soda baridi ili mtoto aamke, halafu wanangoja asubuhi. Kondo lililoishiwa nguvu halisaidiwi na sukari. Na upande wa pili, mtoto akirukaruka kwa fujo isiyo ya kawaida, mara moja, kisha akanyamaza, hilo nalo ni la kwenda nalo hospitali, hasa likifuatana na maumivu makali ya tumbo au damu.

Ukirudishwa nyumbani Ijumaa na mtoto akatulia tena Jumapili, rudi. Kupungua kunakojirudia kuna hatari zaidi kuliko kwa mara moja, na faili lako linapaswa kuonyesha mara zote mbili, tarehe na saa.