Diski ya Grenda Ilipopasuka

Mwezi huu tunaomba familia yenye kijana anayetengeneza mageti na madirisha kando ya barabara isome ukurasa huu pamoja naye.

Tulimpokea fundi aliyeletwa na wenzake wawili, uso umefunikwa kanga yenye damu. Alikuwa akikata bomba la chuma, diski ya grenda ikapasuka. Kipande kimoja kilimchana shavu. Kingine kilivunja miwani yake ya jua na kuingia jicho la kulia. Shavu tulilishona. Kwa jicho tulimpeleka hospitali ya rufaa, lakini halikuona tena.

Ili tuandike taarifa kamili, tuliwaomba wenzake walete grenda na mabaki ya diski. Diski iliandikwa 230 mm na 6,600 RPM, yaani isizungushwe zaidi ya mara 6,600 kwa dakika. Grenda yenyewe ilikuwa ndogo, ya diski ya 115 mm, nayo huzunguka mara 11,000. Tundu la katikati ni sawa kwa diski zote mbili, ndiyo maana ile kubwa ilikubali kufungwa. Lakini ukingo wake, uliotengenezwa kuvumilia mwendo wa mita 80 kwa sekunde, ulikuwa ukienda zaidi ya mita 130.

Kikinga cha grenda kilikuwa kimefunguliwa, kwa sababu diski kubwa haikuenea ndani yake. Hapo ndipo mashine ilipomwonya fundi: diski isiyoenea ndani ya kikinga si ya mashine hiyo.

Basi, kabla ya kufunga diski, soma namba mbili. RPM ya diski iwe sawa na ya mashine au zaidi, isipungue kamwe. Diski iliyoanguka au yenye ufa itupwe. Kikinga kibaki mahali pake, kikiwa kati yako na diski. Vaa miwani ya kazi inayofunika hadi pembeni, na juu yake ngao ya uso. Miwani ya jua huvunjika na kuongeza vipande. Hata hivyo, ngao haiwezi kusimamisha kila kipande kizito; kwa hiyo diski sahihi na kikinga ndivyo vya kwanza.

Ajali ikitokea, msichomoe kitu kilichochoma jicho, msilioshe wala kulibana. Lifunikeni kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, mkifunge kwa kitambaa. Jeraha lingine linalotoka damu likandamizeni kwa kitambaa safi. Kama kipande kimebaki ndani, kandamizeni pembeni mwake. Mgonjwa asile wala kunywa, maana huenda akahitaji upasuaji. Mleteni mara moja, pamoja na kipande cha diski, ili daktari ajue anachotafuta. Atahitaji pia kuangaliwa kama anastahili sindano ya pepopunda.

Fundi wetu amerudi kazini na jicho moja. Grenda ni ile ile, ila sasa ina kikinga.