Dawa ya meno na mswaki wa mtoto: soma namba, kisha pima kiasi

Mzazi anaposimama mbele ya kaunta ya duka la dawa mjini Garissa, huona pakiti nyingi zenye picha za wanyama na matunda. Picha hizo hazielezi kama dawa itamlinda mtoto. Kinachoeleza ni namba iliyoandikwa karibu na herufi ppm, kwa kawaida nyuma ya pakiti. Namba hiyo ni kiwango cha floridi, madini yanayoimarisha ganda la jino ili asidi inayotokana na sukari ya chai na vitamu vingine isilitoboe.

Namba gani inafaa?

Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa kiwango cha kati ya 1000 na 1500 ppm. Kwa hiyo tafuta pakiti yenye 1000 ppm au zaidi kidogo. Baadhi ya dawa za watoto zina 500 ppm tu, na kinga yake ni hafifu. Nyingine, hasa za mitishamba au mkaa, hazina floridi kabisa.

Pakiti nyingine haziandiki ppm bali asilimia. Ikiwa imeandikwa sodiamu floridi asilimia 0.22, hiyo ni karibu 1000 ppm. Ikiwa ni asilimia 0.32, hiyo ni karibu 1450 ppm, ambacho ni kiwango cha dawa nyingi za watu wazima.

Umri huamua kiasi

Mtoto mdogo hajui kutema, hivyo sehemu kubwa ya dawa huimeza. Ndiyo maana kiasi hubadilika kulingana na umri. Tangu jino la kwanza hadi miaka 3, paka dawa kama punje moja ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, paka kama punje moja ya minji.

Tuchukue mama mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka 2 na mwingine wa miaka 5, na dawa moja ya 1000 ppm. Gramu moja ya dawa hiyo ina miligramu 1 ya floridi. Punje ya mchele ni karibu gramu 0.1, kwa hiyo hata mdogo akimeza yote, amemeza miligramu 0.1. Punje ya minji ni karibu gramu 0.25, nayo ina miligramu 0.25. Lakini mama akijaza dawa urefu wote wa mswaki, kama tunavyoona kwenye matangazo, hiyo ni karibu gramu nzima. Mtoto wa miaka 2 atakuwa amemeza mara kumi ya kiasi chake. Dawa ni ile ile. Kosa ni kiasi.

Mtoto akimeza floridi nyingi kila siku kabla ya miaka 8, meno ya ukubwani, ambayo bado yanaundwa ndani ya ufizi, hutoka na mistari myeupe au madoa ya kahawia yasiyosafishika. Kwa hiyo mzazi ndiye apake dawa, na dawa iwekwe mbali na mtoto. Piga mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa ni kabla ya kulala. Mtoto ateme, lakini asisukutue kwa maji mengi, maana maji huondoa kinga.

Maji ya kisima

Baadhi ya visima virefu nchini Kenya vina floridi nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima chenye miligramu 3 humpa mtoto anayekunywa lita moja floridi nyingi kuliko dawa ya meno iliyopimwa vizuri. Kuchemsha maji hakuiondoi. Ukiona watoto wengi wa kijiji kimoja wana madoa ya kahawia, omba maji yapimwe, na muulize daktari wa meno kabla ya kuacha dawa yenye floridi.

Mswaki

Chagua wenye kichwa kidogo na nywele laini. Pakiti nyingi huonyesha umri, kama 0-2 au 3-5. Zibonyeze nywele kwenye ngozi ya mkono: zikichoma, zitaumiza ufizi. Nywele zikitawanyika, au miezi mitatu ikipita, badilisha. Kijiti cha mswaki ni kizuri kwa mkubwa anayejua kukitumia, lakini kwa mtoto mdogo huweza kuchoma ufizi, na hakichukui nafasi ya dawa yenye floridi.

Kila wiki, inua mdomo wa juu wa mtoto mahali penye mwanga. Mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi ni mwanzo wa jino kuoza, na bado unaweza kuzuiwa. Mpeleke kliniki ya meno kabla haujawa shimo.