Kukiri Kwanza, Kupendekeza Baadaye: Mazungumzo na Wazazi Kuhusu Chanjo ya HPV

Mzazi anayeitilia shaka chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi huwa na hoja za kweli, na mtoa huduma anayeziruka ili aisifu chanjo hasikilizwi. Anza na hoja nzito kuliko zote: chanjo haizuii aina zote za virusi vya HPV, hivyo binti aliyechanjwa bado atahitaji uchunguzi akiwa mtu mzima. Kiri pia kwamba mkono huuma, na kwamba wapo wanaozirai baada ya sindano. Ndiyo maana huketishwa dakika 15. Usifuatishe “lakini” papo hapo, kwani neno hilo hulifuta ulilokwisha kulikiri. Nyamaza kidogo, kisha uliza kama kuna jingine.

Wakitaja ugumba, hilo si la kukiri: si kweli, likanushe waziwazi.

Hapo ndipo pendekezo liingie: binti wa miaka 9 hadi 14 achanjwe kabla hajakutana na virusi, hususan aina ya 16 na 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizo. Mzazi akirudia pingamizi lilelile baada ya pendekezo, ujue uliharakisha. Lirudieni pamoja kabla ya kutaja tarehe ya chanjo.