Kufutwa Kazi Kabla ya Kuthibitishwa: Je, Lazima Mtu Asikizwe?

Chuo Kikuu cha Mount Kenya chenye makao makuu Thika kiliwafuta kazi wafanyakazi saba waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Hawakuitwa kujieleza. Walikwenda kortini mwaka 2016, na kesi yao ikawa ndiyo inayotajwa kila mtumishi wa umma anapopokea barua ya namna hiyo, ingawa chuo chenyewe ni cha binafsi.

Ubishi wao ulihusu vifungu viwili vya Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbovu au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilize utetezi wao. Kifungu cha 42 kikaja kuiondoa kinga hiyo kwa yeyote aliye kwenye majaribio. Notisi ya siku saba, au mshahara wa siku hizo, ilitosha. Mwaka 2014 Jaji James Rika alikuwa ameamua hivyohivyo katika kesi ya kampuni moja ya usafiri.

Mnamo Julai 2021 jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba lilikataa msimamo huo. Lilisema sehemu ya kifungu cha 42 inayomnyima mtu wa majaribio haki ya kusikizwa inakiuka Katiba, hasa Ibara ya 41 ya haki kazini na Ibara ya 47 ya uamuzi wa haki wa kiutawala. Uamuzi huo hauwafungi majaji wa Mahakama ya Rufaa, kwa hiyo mawakili wa waajiri wangali na nafasi ya kuupinga.

Mtumishi wa umma ana ngao nyingine ambayo wale saba hawakuwa nayo. Ibara ya 236 ya Katiba inakataza afisa wa umma kufutwa, kuondolewa ofisini, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria. Ibara hiyo haiwatofautishi walio kwenye majaribio na waliothibitishwa.

Tuseme karani anayeishi Murera ameajiriwa na Kaunti ya Kiambu. Mwezi wa tano anapewa barua ya mistari mitatu: hakufuzu majaribio, kazi inakoma baada ya siku saba. Mkuu wake atasema hajamwadhibu, hajamthibitisha tu. Hoja hiyo haifiki mbali. Kutofuzu ni utendaji mbovu kwa jina jingine, na utendaji mbovu umetajwa waziwazi katika kifungu cha 41. Alipaswa kuambiwa ni kazi gani iliyomshinda, apewe muda wa kujibu, na jibu lake lipimwe kabla uamuzi haujaandikwa. Ikiwa barua ya kufutwa ina tarehe moja na barua ya kujieleza, kuna kasoro.

Si lazima kikao kiwe kama korti. Mwaka 2010, katika kesi ya Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba mtu anaweza kusikizwa hata kwa maandishi, mradi amejua tuhuma na amepata nafasi ya kweli ya kuzijibu.

Tarehe ya kuajiriwa nayo iangaliwe. Majaribio yasizidi miezi sita, na nyongeza isizidi miezi sita mingine, tena kwa ridhaa ya mfanyakazi. Aliyefika mwezi wa kumi na tatu hawezi tena kuitwa mtu wa majaribio, hata barua iseme nini.

Hata hivyo, majaribio yana uzito wake. Notisi inabaki fupi, na kusikizwa hakumzuii mwajiri kumwachisha mtu ambaye kweli kazi imemshinda. Panapopungua zaidi ni kwenye fidia: kifungu cha 49 kinaweka kilele cha mshahara wa miezi 12, lakini kinamtaka hakimu atazame muda ambao mtu ametumikia. Karani wa miezi mitano anaweza kushinda kesi na kupata fidia ndogo.

Kosa linaloua madai mengi ni kukimbilia kortini mapema. Kwa mfanyakazi wa kaunti, njia ya kwanza ni rufaa ya maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Aambatanishe barua ya kuajiriwa, barua ya kufutwa na majibu yoyote aliyowahi kuandika. Siku zake ni 90, na zinahesabiwa tangu tarehe ya uamuzi.