Ingizo la Saa Tano Usiku: Mkaguzi Anatafuta Nini Kwenye Vitabu vya Duka?

Oktoba 13, 2015, Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi wa KDIC baada ya bodi yake kuripoti ukiukaji wa taratibu. Wengi waliuliza: si vitabu vilikuwa vinakaguliwa kila mwaka? Mkaguzi alikuwa wapi?

Swali ni zuri. Kwa kiwango cha kimataifa ISA 240, kuzuia na kugundua ulaghai ni kazi ya wenye biashara na wasimamizi wake kwanza. Mkaguzi naye anapaswa kupata uhakika wa kutosha, si wa asilimia mia, kwamba hesabu hazina kosa kubwa, liwe la bahati mbaya au la makusudi.

Ebu tutembee mpaka Biashara Street, pembeni ya Mji wa Kale. Huu ni mfano tu. Duka la leso linataka mkopo. Katika vitabu vyake kuna ingizo la Desemba 31, saa tano na dakika arobaini usiku: mauzo yameongezwa shilingi 480,000, na wadaiwa wameongezwa kiasi hicho hicho. Maelezo ni neno moja, "marekebisho". Aliyeliingiza ni meneja, ambaye mwaka mzima hakugusa vitabu. Kazi hiyo hufanywa na karani.

Dalili ni nne: siku ya mwisho ya mwaka, mtu asiye wa kawaida, kiasi kisicho na senti wala mabaki, na maelezo yasiyoeleza kitu. Ndiyo maana ISA 240 humtaka mkaguzi achague na kupima maingizo ya mwisho wa kipindi.

Meneja anasema, "Mteja wa jumla alichukua kwa mkopo." Huenda ni kweli. Shaka ya kitaaluma haimaanishi kumwita mtu mwizi. Ni kutokubali neno lake bila ushahidi. Basi mkaguzi anauliza: mteja nani? Leso zilitoka stoo lini, nani alitia sahihi? Malipo yaliingia?

Hapo taarifa ya malipo ya simu ya duka inasaidia. Mkaguzi anaipata mwenyewe kutoka kwa kampuni ya malipo, si nakala aliyochapisha meneja, kwa sababu nakala huweza kubadilishwa. Januari na Februari hakuna malipo ya mteja huyo, wala benki. Stoo haikupungua. Kisha anaona Januari 4 ingizo lile limefutwa kimya kimya. Mauzo yalikuwepo siku nne tu, yapendeze macho ya mkopeshaji.

Lakini kama mteja, karani wa stoo na meneja wangekula njama na kuandaa karatasi zote, mkaguzi mzuri pia angeweza kupitwa.

Kwa hivyo wewe mwenye duka, kila mwisho wa mwezi linganisha mauzo ya vitabu na taarifa yako ya simu. Ukikuta "marekebisho", uliza: ya nini, na nani aliidhinisha?