Maji Kifuani: Maabara Inatafuta Nini?

Tuchukue mfano wa kubuni: mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, miaka 28, anafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea, HOMSO kwa wenyeji. Wiki tatu sasa ana homa za jioni, kichomi ubavu wa kulia, na akipanda kilima pumzi inamkatika. Picha ya eksirei inaonyesha weupe nusu ya chini ya kifua upande huo.

Swali: Maji hayo yamo ndani ya pafu?

Hapana, ingawa wengi husema hivyo. Yako nje yake, kati ya utando unaolifunika pafu na ule unaotandaa ndani ya mbavu. Kwa kawaida hapo pana mililita chache tu za kulainisha. Daktari akigonga mgongo kwa vidole, penye maji hutoa mlio mzito, kama gogo.

Swali: Yanatoka wapi?

Moyo ukichoka, figo au ini likifeli, maji huvuja bila utando wenyewe kuugua, mara nyingi pande zote mbili. Nimonia, TB na saratani huushambulia utando. Kijana mwenye homa na maji upande mmoja, kwetu huku, hufikiriwa TB kwanza.

Swali: Hutolewaje?

Mgonjwa huketi, akaegemeza mikono mezani. Altrasaundi huonyesha maji yalipo, ngozi husafishwa, ganzi huchomwa. Sindano hupita juu ya ukingo wa ubavu, kamwe si chini yake, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu imejificha huko. Kwa kawaida hayazidi lita moja na nusu kwa mara moja: pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza kuvimba. Mgonjwa akianza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua, kazi husimama.

Swali: Maabara itasema nini?

Kwanza protini. Tuseme maji ya kijana huyu yana gramu 52 kwa lita na damu yake 74. Ukigawanya unapata 0.7. Kwa vigezo alivyotoa daktari Mmarekani Richard Light mwaka 1972, ikizidi 0.5 utando wenyewe unaumwa. Moyo unasukumwa nyuma ya foleni.

Kisha chembe nyeupe: karibu zote ni limfosaiti, na kimeng'enya cha ADA kimefika 62. Kikizidi 40 pamoja na limfosaiti nyingi, TB inanukia.

Swali: Lakini kipimo cha vimelea vya TB kimetoka hasi!

Hapa ndipo wengi huteleza. Maji haya hutokana zaidi na kinga ya mwili kuvikasirikia vimelea, na vimelea vyenyewe humo ni vichache. Hasi haiifuti TB. Daktari hupima pia makohozi na VVU, na penye shaka hukata kipande cha utando. Dawa za miezi sita zikianza, maji yaliyobaki hukauka taratibu.

Yangetoka usaha, sindano isingetosha: angewekewa mpira kifuani unaoishia kwenye chupa yenye maji, hewa isirudi ndani.