Kufuta si kusamehe: kitenzi katika barua kwa banki iliyokosea

Mtu aliyekatwa faini na banki bila haki husimama mbele ya dirisha na kusema: «Baba, munisaidie, munisamehe hii faini.» Ni usemi wa adabu, na kila mtu wa Lubumbashi angeusema hivyo. Lakini msamaha huombwa na mwenye kosa. Anayesema «munisamehe» amekwisha kukubali kwamba faini ilimstahili, na sasa anategemea huruma ya aliye mbele yake. Somo hili linaangalia jinsi neno hilo moja linavyobadilisha madai, na jinsi barua inavyoweza kuandikwa wakati kosa ni la banki yenyewe na lina ushahidi wa karatasi.

Tuchukue mfano tuliojitungia. Mama muuza vitambaa ana mkopo, na kila tarehe 26 banki inakata dola 180 kwenye akaunti yake. Tarehe 24 Septemba akaunti ilikuwa na dola 60. Siku hiyo akaweka dola 160 kwa mkono, akapewa bordero yenye muhuri. Kwa hesabu yake alikuwa na dola 220, zilizotosha. Lakini mtumishi wa dirishani alipoingiza namba ya akaunti kwenye kompyuta aligeuza tarakimu mbili, na fedha zikaenda kwa mteja mwingine. Tarehe 26 kompyuta ilikuta dola 60 tu, malipo yakashindikana, faini ya dola 20 ikakatwa, zikabaki 40. Tarehe 1 Oktoba banki ikaona kosa, ikarudisha dola 160, ikachukua dola 180 za mkopo, kisha dola 2 za riba ya kuchelewa. Mama akabaki na dola 18 mahali pa 40. Zilizopotea ni dola 22.

Ushahidi uko wapi? Wengi hukimbilia bordero peke yake. Bordero ni ya lazima, lakini kwanza isomwe kwa makini: namba iliyoandikwa na mteja kwa mkono ni sahihi? Kama ni mteja aliyegeuza tarakimu, kosa ni lake, na hapo kweli anaomba huruma. Kama aliandika vizuri na kompyuta ndiyo iliyochapa namba nyingine, kosa limehamia upande wa pili. Banki inaweza kujibu kwamba mteja alitia sahihi kwenye karatasi iliyochapwa bila kuisoma. Jibu hilo lina uzito kiasi, hasa kama jina la mtu mwingine lilichapwa hapo. Ndiyo maana karatasi ya pili ina nguvu zaidi.

Karatasi hiyo ni taarifa ya akaunti. Katika banki zetu taarifa mara nyingi huwa na safu mbili za tarehe: tarehe ambayo tendo liliandikwa, na tarehe ya thamani, yaani siku ambayo fedha zinahesabiwa kuwa zipo kwenye akaunti. Kwa mama wetu, mstari wa dola 160 unaonyesha kwamba ziliandikwa tarehe 1 Oktoba, lakini tarehe ya thamani ni 24 Septemba. Banki imesema kwa maandishi yake yenyewe kwamba fedha zilikuwepo siku mbili kabla ya malipo. Baada ya hapo faini haina mguu wa kusimamia. Kama safu ya thamani ingeonyesha 1 Oktoba, dai la kwanza lingekuwa kusahihisha tarehe hiyo, kabla ya kutaja faini. Na kama fedha zingewekwa tarehe 26 yenyewe, mambo yangekuwa magumu zaidi, kwani masharti ya banki huweza kuhesabu fedha za dirishani kuanzia siku inayofuata.

Sasa barua. Hapa kwetu nyingi huandikwa kwa Kifaransa, lakini anayeifikiri kwanza kwa Kiswahili huona vizuri vitenzi vinafanya kazi gani:

«Bwana Mkuu wa ajansi,

Tarehe 24 Septemba niliweka dola 160 kwenye akaunti yangu katika ajansi yenu (nakala ya bordero, karatasi ya 1). Fedha hizo ziliingizwa kwenye akaunti nyingine. Tarehe 1 Oktoba banki ilizirudisha kwenye akaunti yangu kwa tarehe ya thamani ya 24 Septemba (taarifa ya akaunti, karatasi ya 2). Kwa hiyo tarehe 26 Septemba nilikuwa na dola 220, na malipo ya mkopo yalikuwa dola 180. Hata hivyo nilikatwa faini ya dola 20 na riba ya kuchelewa ya dola 2.

Naomba banki ifute makato hayo mawili, irudishe dola 22 kwenye akaunti yangu, na isahihishe kumbukumbu ya mkopo wangu ili malipo ya Septemba yasihesabiwe kuwa yalichelewa. Naomba pia jibu la maandishi.»

Tuone uchaguzi wa maneno. Mwandishi hakusema «nilichelewa kulipa kwa sababu…». Kitenzi -chelewa kinamfanya mteja kuwa mtenda, na sababu inayofuata inasikika kama kisingizio. Lakini hakusema pia «mtumishi wenu alinichelewesha». Kauli ya kutendesha ingekuwa kweli, ila ingemgeuza mkuu wa ajansi kuwa wakili wa mtu wake. «Ziliingizwa», kauli ya kutendwa, inataja tukio na kuacha kidole chini. Kinyume chake, kwenye marekebisho mtenda anatajwa wazi: «banki ilizirudisha». Kosa linabaki bila jina, ila kukiri kosa kuna mwenyewe.

Tena adabu haikupotea. «Naomba» ipo mara mbili, nayo inatosha. Wanafunzi wengine hudhani kwamba kuacha «samehe» ni kuwa mkali. Ukali uko zaidi katika «nadai» na «mara moja», ambavyo havihitajiki pale tarehe zinaposema.

Barua ipelekwe kwa nakala mbili. Moja inabaki banki. Ya pili inagongwa muhuri wa mapokezi, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyeipokea, nayo inarudi nyumbani. Bordero ya asili isiachwe dirishani kamwe, fotokopi inatosha. Mkuu wa ajansi asipojibu, nakala yenye muhuri ndiyo inayopelekwa makao makuu ya banki, na baadaye, ikibidi, Banki Kuu ya Congo, ambayo ndiyo msimamizi wa mabanki nchini.

Inabaki hatari moja, nayo pia ni ya kitenzi. Banki huweza kujibu: «Kwa kuthamini uhusiano wetu mwema, tumekusamehe dola 20.» Mama anafurahi, na ni haki yake kufurahi. Lakini dola 2 hazikutajwa, na msamaha umeacha uchelewesho mahali pake: kwenye kumbukumbu yeye bado ni mdeni aliyechelewa, na mabanki hupeleka habari za mikopo kwenye daftari la pamoja linalotunzwa na Banki Kuu. Akiomba mkopo mwingine mwakani, hata kwa banki nyingine, Septemba hiyo inaweza kumngojea. Basi anajibu kwa mistari michache: anashukuru kwa dola 20 zilizorudishwa, anakumbusha kwamba fedha zilikuwepo tangu tarehe 24 Septemba, kisha anaomba riba ya dola 2 ifutwe na kumbukumbu isahihishwe. Barua hiyo nayo igongwe muhuri.